Watu Milioni Nane Waliopotelea Mugutha

Dalmas Barasa ana digrii kumi na saba. Ya kwanza ni ya uchumi. Aliipata mwenyewe, kwa jasho lake na ng'ombe wawili wa babake, na ndiyo pekee iliyo na jina lake. Ndiyo pekee pia ambayo haijawahi kumpa mtu kazi. Zile kumi na sita zimetundikwa ukutani Uingereza, Kanada na Australia, kwa watu ambao ukiwatajia Busia, nyumbani kwake, watafikiri ni ugonjwa. Kuna muuguzi mmoja huko kwenye baridi anayedunga watu sindano kwa elimu ya Dalmas. Dalmas humwombea kila Jumapili, yeye na wagonjwa wake.

Aliingia Thika akiwa na miaka ishirini na minne, akafikia Makongeni kwa mjomba aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kusindika matunda. Mjomba alimwambia mtu mwenye digrii hawezi kukosa kazi kwenye mji wa viwanda. Dalmas akapiga lami miaka mitano, kutoka lango hadi lango, mpaka mabawabu wakawa wanamsalimia kwa jina la kwanza na kumuulizia habari za nyumbani. Kazi hawakuwa nayo. Ndipo akakutana na Gachau.

Gachau ana nyumba ya ghorofa nne Mugutha, upande wa Ruiru. Chini kuna duka la gesi. Ghorofa ya kwanza kuna meza tano, laptopu tano na vijana watano, ingawa Dalmas amekaa pale miaka tisa na ujana wake umebaki kwenye kiti. Kazi yao ni kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi wanazopewa na walimu wao. Kwa wateja, Gachau anaitwa Daktari James, Mmarekani mwenye uzamifu wa uchumi na mbwa wa manyoya. Picha ya mbwa aliitoa kwenye kalenda.

Waandishi wanalala ghorofa ya tatu, kila mmoja na chumba chake, na chumba kinakwenda na laptopu. Ukiacha laptopu unaacha chumba. Mpango huo Gachau huuita malezi.

"Mimi ni kama mzazi kwenu," husema. "Nimekupa mahali pa kulala, stima, intaneti. Mzazi wako alikupa intaneti?"

Ana kanuni moja anayoihubiri kuliko zote, nayo ni chumvi. Kazi ikitoka safi mno, mwalimu wa ng'ambo atashuku. Kwa hiyo kila kazi lazima itiwe chumvi, yaani makosa mawili matatu ya makusudi, ili ifanane na mwanafunzi mwenyewe. Dalmas amekuwa fundi wa chumvi. Anaweza kukosea kama msichana wa miaka kumi na tisa aliyeachwa na mpenziwe wiki ya mtihani. Akipewa mteja aliyelala darasani muhula mzima, anakosea kwa usingizi.

Mkewe Viola, anayeshona sweta za shule, humwambia, "Wewe siku moja utakosea bila kulipwa."

Mwaka huu, mwezi wa tatu, Viola ndiye aliyeleta tangazo. Lilikuwa kwenye kipande cha gazeti kilichofungiwa nyuzi zake. Kampuni moja ya Thika, Kipimo Afrika, ilikuwa ikitafuta mchumi msaidizi. Ofisi yao iko ghorofa ya tatu juu ya duka la magodoro. Wafanyabiashara wanaotaka kufungua depo au tawi kwenye mji mwingine huenda pale kuuliza mji upi una pesa kweli na upi unapiga kelele tu. Kampuni inalinganisha pato la mji na mji, inarekebisha bei, inagawanya kwa watu, halafu inatoa jibu lenye mhuri.

Masharti yalikuwa matatu: cheti, barua, na sampuli ya kazi ya kulinganisha uchumi wa miji miwili, iliyoandikwa na mwombaji mwenyewe.

"Hii ni yako," Viola alisema. "Imekaa kama imekatwa kwa kipimo chako."

Ilikuwa yake kweli, na hapo ndipo mtego ulipoanza. Kwa miaka tisa Dalmas alikuwa ameandika kurasa nyingi kuliko kamati zote za kaunti, lakini hakuwa na ukurasa mmoja wenye jina lake. Alikuwa kama mama aliyezaa watoto kumi na sita na wote wakaandikishwa kwa jirani.

Alifungua laptopu akatafuta. Kazi bora aliyowahi kuandika ilikuwa ya mwaka juzi, ya kijana mmoja wa Uingereza. Mwalimu alikuwa ametaka ulinganishe pato la miji mikuu ya majimbo mawili ya China, Guangzhou na Nanjing, ukirekebisha uwezo wa kununua na idadi ya watu. Dalmas aliipenda kazi ile kama mtu anavyopenda shati. Kulikuwa na shimo moja ambalo wenzake wote hutumbukia, naye alikuwa ameliruka. Watu wakisikia uwezo wa kununua, hukimbilia kugeuza yuan kuwa dola za kimataifa kwa kiwango kimoja cha nchi nzima. Sasa ukiigawanya miji yote miwili kwa namba ileile, umefanya nini? Ni kama kuwapima mapacha wawili wakiwa juu ya kiti kimoja. Wote wamerefuka, na yule mfupi bado ni mfupi. Ndani ya nchi moja unachohitaji ni tofauti ya bei kati ya mji na mji. Mwalimu alikuwa ameweka jedwali la bei la zoezi: kapu la vitu vilevile linalonunuliwa kwa mia moja Nanjing, Guangzhou unalilipia mia na tano. Dalmas alikuwa amelitumia vizuri, na kuna mahali alijisifu.

Akabadilisha kichwa cha habari, akatoa jina la kijana, akaweka lake. Kwa dakika nzima alilitazama pale juu. Halafu akatuma. Alijua ziko mashine za kukagua kazi zilizonakiliwa, lakini akajiambia kwamba ofisi iliyo juu ya duka la magodoro haiwezi kuwa na kitu kama hicho.

Wiki mbili baadaye aliitwa kwa intavyu. Alimwambia Gachau anaenda kung'oa jino.

"Jino gani?" Gachau akauliza.

"La nyuma."

"Rudi kabla ya saa nane, Dakitari," akasema, kwa jina la utani alilompa. "Kuna mtu wa Sydney anataka kuhitimu."

Ofisi ilikuwa na meza ndefu na watu wawili. Madam Ajwang, mwenye kampuni, alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, miwani kwenye kamba. Alikuwa amefundisha takwimu chuoni miaka ishirini, akaacha alipochoka kusahihisha kazi za wanafunzi ambao hawakuandika chochote. Kando yake alikaa Muthoka, mtu wa kompyuta, aliyevaa tai iliyofungwa na mtu mwingine.

"Karibu, Bwana Barasa. Utakunywa chai?" Madam Ajwang alisema.

"Nitashukuru, Madam."

"Kabla ya chai," Muthoka akasema, akaigeuza laptopu ili Dalmas aone.

Skrini ilikuwa nyekundu kama mtu aliyemwagikiwa na supu ya nyanya. Juu yake pameandikwa asilimia tisini na moja.

"Hii kazi uliyotuletea," Muthoka alisema, "iliwasilishwa Novemba mwaka juzi na mwanafunzi wa chuo kimoja cha Uingereza. Hiyo tisa iliyobaki ni jina lako na tarehe."

Dalmas alitazama mlango. Ulikuwa nyuma ya Muthoka.

"Wengine hunakili mtandaoni," Madam Ajwang alisema, bila hasira, kama daktari anayesoma kadi. "Wewe umevuka bahari. Nimeona nikuite nikuone uso. Unaweza kwenda."

Watu wengi wangeondoka. Dalmas mwenyewe aliinuka nusu. Lakini kuna aina ya uchungu unaompata mtu akiitwa mwizi wa ng'ombe wake mwenyewe, na uchungu huo ulimrudisha kitini.

"Madam, hiyo kazi niliiandika mimi."

"Mwanafunzi naye anasema aliiandika yeye. Na yeye ana stakabadhi."

"Yeye aliinunua."

Chini, mtu wa duka la magodoro alikuwa akipiga godoro kwa fimbo kumwonyesha mteja kwamba halina vumbi.

"Endelea," Madam Ajwang alisema.

Akaeleza. Mugutha, meza tano, Daktari James, mbwa, chumvi. Muthoka alianza kuandika, halafu akaacha, akawa anasikiliza tu. Dalmas alipomaliza, alitambua kwamba amejitoa kwenye shimo moja na kujitumbukiza kwenye jingine lenye maji. Sasa hakuwa tena mwizi. Alikuwa mtu anayeuza elimu kama mitumba.

"Kila mtu angesema hivyo," Muthoka akasema. "Hata mimi naweza kusema nimeandika katiba."

"Kweli," Madam Ajwang alisema. Alivuta karatasi zilizochapwa, akazifungua ukurasa wa nne. "Kama ni yako, utakuwa unaijua kuliko aliyeinunua. Hapa unasema Guangzhou imeishinda Nanjing kwa pato la kila mtu. Nifanyie hesabu. Usiangalie karatasi."

Hilo Dalmas angeweza kulifanya akiwa amelala.

"Pato la mji ni thamani ya vyote vilivyozalishwa ndani ya mji kwa mwaka, ukitoa vilivyonunuliwa ili kuvizalisha. Mwaka wa 2022, Guangzhou yuan trilioni mbili nukta themanini na nane. Nanjing trilioni moja nukta sitini na tisa. Guangzhou ni mkubwa, lakini ukubwa si utajiri, kwa hiyo tunagawanya kwa watu. Guangzhou milioni kumi nukta tatu, tunapata elfu mia mbili themanini kwa kila mtu. Nanjing milioni saba nukta nne, elfu mia mbili ishirini na nane. Halafu bei. Guangzhou iko juu kwa asilimia tano, tunagawanya kwa moja nukta sifuri tano, inashuka hadi elfu mia mbili sitini na saba. Bado iko mbele."

"Umegeuza kuwa dola?"

"Sikugusa dola, Madam. Kiwango kimoja cha nchi hakibadilishi uwiano wa miji miwili ya nchi hiyohiyo."

Madam Ajwang aliweka miwani puani. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama kama mtu.

"Hilo umelisema vizuri. Sasa niambie, Guangzhou ina watu milioni kumi nukta tatu?"

"Ndiyo. Nilitoa kwenye..."

Akasimama hapo. Kuna wakati mtu huhisi ngazi inakosekana gizani, mguu umeshatoka. Aliiona meza yake ya Mugutha, jedwali la Wachina lenye safu mbili za watu, na kidole chake mwenyewe kikichagua safu ya kushoto.

"Hao ni walioandikishwa," alisema polepole.

"Eleza Muthoka aelewe."

"Kule China kila mtu ana daftari lake la kusema yeye ni wa wapi. Mtu anaweza kuishi Guangzhou miaka ishirini, anashona viatu kiwandani, lakini daftari linasema ni wa kijiji fulani mbali. Milioni kumi nukta tatu ni wale ambao daftari linawatambua kama wa Guangzhou. Wanaoishi pale kweli ni..." Aliitafuta safu ya kulia kichwani. "Milioni kumi na nane nukta saba."

"Kwa hiyo umewaacha nje wangapi?"

"Milioni nane na zaidi."

"Milioni nane," Madam Ajwang alimwambia Muthoka. "Viatu walivyoshona viko juu ya mstari wa kugawanya, kwenye pato. Wao wenyewe hawako chini ya mstari. Jasho limehesabiwa, aliyelitoa hayuko. Rudia, Bwana Barasa, na wenyewe wakiwemo."

Dalmas alichukua kalamu. Guangzhou, elfu mia moja hamsini na nne. Ukirekebisha bei, elfu mia moja arobaini na saba. Nanjing ina wakazi milioni tisa nukta tano: elfu mia moja sabini na nane.

"Nanjing iko mbele," alisema. "Jibu limepinduka."

"Limepinduka. Ungekuwa umemwandikia mteja wangu, angekuwa ameshajenga depo Guangzhou, anawangojea matajiri ambao ni watu wawili waliohesabiwa kama mmoja." Aliifunga karatasi. "Sasa nina swali moja, na ujibu vizuri kwa sababu ndilo litakaloamua. Umetuambia huko kwenu mnatia makosa ya makusudi. Hili lilikuwa la makusudi?"

Ukitaka kujua Dalmas alivyokuwa amebanwa, hesabu milango naye. Akisema hakuandika, ni mwizi. Akisema aliandika na kukosea, ni mchumi asiyejua kuhesabu watu, na ofisi hii haina kazi nyingine ila kuhesabu watu. Lakini pale mbele yake palikuwa na mlango wa tatu, umefunguka, una zulia. Angesema ilikuwa chumvi tu, kosa la kumfichia kijana. Angetoka pale akiwa bingwa aliyejua jibu sahihi siku zote. Hakuna mtu duniani angeweza kuthibitisha vinginevyo. Hata Gachau angemsifu.

Muthoka mwenyewe alimsukuma. "Sema tu ilikuwa chumvi, bwana. Inaeleweka."

Dalmas alifungua mdomo aseme chumvi. Halafu akamwona Madam Ajwang hajasogea, anamtazama kama mtu anayemtazama paka karibu na sufuria, na akaelewa zulia lile limetandikwa juu ya nini. Mtu anayejua namba sahihi akauza isiyo sahihi, utamwajiri vipi kuuza namba?

"Nilikosea," alisema. "Chumvi ya kazi hiyo ilikuwa kwenye vituo na herufi kubwa. Hili lilikuwa kosa langu mwenyewe. Hata mwalimu wake hakuliona. Alimpa alama nzuri."

"Ulikosea kwa nini? Safu zilikuwa mbili. Hukurusha shilingi."

Alifikiri. Hakuwa amewahi kujiuliza.

"Niliona watu wa mji ni wale wa mji. Waliokuja kutafuta kazi ni wa kwao."

"Wewe ni wa wapi?"

"Busia."

"Unaishi?"

"Mugutha. Kabla ya hapo Makongeni. Miaka kumi na minne yote pamoja."

"Na sensa ya 2019, ulihesabiwa wapi?"

Muthoka alianza kutabasamu kabla ya jibu kufika. Dalmas alitazama meza.

"Mzee wa kijiji alitupigia simu. Alisema turudi tuhesabiwe nyumbani, tukiwa wachache kaunti yetu itapata mgao mdogo. Nikapanda basi. Nililala Busia usiku ule mmoja, nikahesabiwa, nikarudi kesho yake."

"Kwa hiyo kazi uliyoifanya mwaka ule iko Ruiru," Madam Ajwang alisema, "na kichwa chako kiko Busia. Ruiru ikaonekana tajiri kidogo kuliko ilivyo. Busia ikaonekana maskini kidogo. Kwa nauli yako mwenyewe."

"Nililipa na ya mke wangu, Madam."

Muthoka alicheka mpaka akafunika mdomo kwa ile tai. Hata Madam Ajwang aliangalia dirishani kwa muda. Alipogeuka, uso wake ulikuwa wa ofisi.

"Sikiliza, mwanangu. Nafasi ya mchumi sikupi. Mteja akituma kazi yako kwenye mashine kama hii, kesho tuko sisi sote kwenye skrini nyekundu. Lakini nina nafasi nyingine ambayo sikuitangaza, kwa sababu wenye digrii huikataa. Tunalinganisha Thika na Ruiru kwa mwenye kiwanda cha unga anayetaka kuweka depo. Namba ya bei za rejareja ambayo serikali hutoa inaniambia bei zimepanda kiasi gani tangu mwaka fulani. Hainiambii mji upi ni ghali kuliko mwingine. Kwa hilo nahitaji mtu wa kuingia sokoni kila siku, miji yote miwili, kitu kilekile, kipimo kilekile. Miezi mitatu. Mshahara ni mdogo."

"Mdogo kiasi gani?"

Akamwambia. Ulikuwa mdogo kiasi kwamba Dalmas alifikiri amesikia nauli.

"Na mezani kwako pale Mugutha hupati muda wa kwenda sokoni kila siku," aliongeza, "kwa hiyo utachagua."

Meza ilikuwa na chumba ndani yake. Alijua chumba kina kitanda, cherehani ya Viola na dirisha linaloangalia ukuta. Alikuwa amekaa miaka tisa akitafuta tundu la kutokea, na sasa lilikuwa limeonekana, likiwa na upana wa kutosha kichwa tu.

"Madam, kwenye ile karatasi ya bei, kuna mahali pa jina la aliyekusanya?"

"Lazima. Bei ikiwa na makosa, nitamgombeza nani?"

Akatia sahihi.

Gachau aliipokea habari vizuri kuliko Dalmas alivyotarajia, jambo lililomtia hofu. Alikuwa mlangoni pa duka la gesi, akiuza mtungi.

"Unaenda kupima nyanya," alisema.

"Na vitu vingine."

"Mtu aliyeandika juu ya benki kuu za nchi nane. Ngai." Alimpa mteja chenji. "Haya. Chumba nitakihitaji Ijumaa. Laptopu niachie na chaji yake. Lakini Dakitari, mimi si mtu mbaya. Kiti chako sitampa mtu kwa miezi mitatu. Mimi najua mshahara wa sokoni."

Maneno hayo ya kiti ndiyo yaliyomsumbua Dalmas kuliko tusi. Mtu akikufungia mlango unaenda. Akikuachia wazi, unatembea huku ukiusikia nyuma yako.

Walihamia Landless, mtaa mmoja wa Thika, chumba kimoja, cherehani ikaingia kwanza na kitanda kikaingia kilipopata nafasi. Jumatatu asubuhi Dalmas alikuwa soko la Makongeni na karatasi, kalamu na mizani ya kilo tano aliyopewa na ofisi. Unga wa pakiti haukumsumbua, umeandikwa kilo mbili na kilo mbili ndizo. Mafuta yalikuwa sawa. Shida ilianza kwenye nyanya.

Muuzaji aliitwa Warigia, mama mnene mwenye aproni ya mifuko minne. Nyanya zake zilikuwa kwa mafungu, nne chini na moja juu.

"Fungu ni pesa ngapi, mama?"

"Hamsini."

"Naomba nilipime."

"Kupima nini? We ni askari wa kanjo, umetumwa na kaunti?"

"Hapana. Nataka kujua linabeba gramu ngapi."

"Nyanya ni tano. Huoni? Hesabu na macho."

"Naona. Lakini fungu la hamsini la hapa na fungu la hamsini la Ruiru huenda si sawa. Nikiandika hamsini na hamsini, itaonekana bei ni moja."

Warigia alimtazama kwa huruma ambayo watu huwapa walevi wa mchana.

"Kijana, nyanya zangu hazipandi mizani bure. Ukizishika ukazirudisha, mwenye kununua ataona zimeshikwa. Ukitaka kupima, nunua kwanza. Pima hata mara mia. Zioe."

Akanunua. Gramu mia nne na ishirini. Akaenda kwa muuzaji wa pili, kwa sababu fungu moja si takwimu, na wa pili naye alikuwa na sheria ileile, kana kwamba walikuwa wamekaa kikao. Wa tatu vilevile. Gramu mia nne na kumi, mia nne na thelathini. Alasiri alikuwa Ruiru, ambako wauzaji walikuwa wakali zaidi na mafungu yalikuwa ya hamsini palepale. Gramu mia tatu na hamsini. Mia tatu na sitini. Mia tatu na arobaini. Akaandika wastani, akagawanya pesa kwa uzito, na kwa mara ya kwanza tangu amalize chuo akaona kitu ambacho hakikuwa kimeandikwa mahali popote na mtu yeyote: hamsini ni hamsini kote, lakini kilo ya nyanya Thika ilikuwa shilingi mia moja na kumi na tisa, na Ruiru mia moja arobaini na tatu. Nyanya si kapu zima, na kodi ya nyumba ingekuja baadaye na uzito wake mkubwa. Hata hivyo alipiga mstari chini ya namba zile. Chini kabisa, kwenye nafasi ya mkusanyaji, akaandika Dalmas Barasa kwa herufi zinazosomeka.

Fedha za kununulia nyanya hazikuwa kwenye bajeti. Muthoka alikuwa amedhani soko hupimwa bure. Madam Ajwang alisema atazirudisha mwisho wa mwezi, Dalmas akileta risiti, na hakuna mama sokoni aliyewahi kuandika risiti ya fungu.

Jioni ya Alhamisi alirudi na mifuko sita. Ya Jumatatu hadi Jumatano ilikuwa bado chini ya kitanda. Simu yake ilikuwa na ujumbe wa Gachau uliosema mtu wa Sydney bado hajahitimu. Hakuujibu, wala hakuufuta.

Viola alisimamisha cherehani. Alitazama mifuko, akatazama sufuria.

"Leo tena?"

"Leo tena."

Alichukua mfuko mmoja, akaupima kwa mkono, akachukua mwingine.

"Hizi ni za wapi?"

"Za Ruiru."

"Ndiyo maana," Viola alisema, akizimimina. "Leta na za Thika, sufuria haijajaa."